Tutajuaje kama mafunzo ya usalama yamebadilisha kazi?

Mwajiri akiulizwa kama mafunzo ya usalama aliyoyalipia yamefanikiwa, mara nyingi hutoa faili. Ndani yake mna orodha ya mahudhurio, nakala za vyeti na maksi za jaribio la mwisho. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya Tanzania, Na. 5 ya 2003, inamtaka mwajiri awape wafanyakazi wake mafunzo, kwa hiyo faili hilo ni la lazima. Hata hivyo, halielezi kinachotokea saa nane usiku mashine inapokwama.

Mwaka 1959, Mmarekani Donald Kirkpatrick alipendekeza mafunzo ya kazini yapimwe katika ngazi nne: waliofundishwa waliyaonaje, walijifunza nini, wanafanya nini wakirudi kazini, na taasisi imepata matokeo gani. Sehemu nyingi za kazi huishia ngazi ya pili. Mimi naona ngazi ya tatu ndiyo yenye majibu, tena haihitaji mtaalamu wa takwimu wala fedha nyingi.

Tuchukue mfano wa kiwanda cha kukamua mafuta ya alizeti, nimeutunga kwa ajili ya maelezo haya. Wafanyakazi ni 24, katika zamu mbili. Mashudu yakikwama, mwendeshaji hufungua kifuniko na kuyatoa kwa mkono au kwa nondo. Mtu mwingine akiwasha mashine wakati huo, parafujo inayosukuma mbegu itasaga vidole. Mafunzo yaliwafundisha hatua tatu: zima umeme kwenye swichi kuu, maana kitufe cha mashine peke yake hakitoshi, funga swichi hiyo kwa kufuli na ukae na ufunguo mwenyewe, kisha bonyeza kitufe cha kuwasha ili uhakikishe kweli mashine haiwaki. Baada ya hapo ndipo mkono uingie.

Wastani wa jaribio ulikuwa asilimia 88. Inapendeza, lakini kuna la kuuliza: kabla ya mafunzo walikuwa na ngapi? Kama jaribio lilelile halikufanywa mwanzoni, huwezi kujua walichojifunza darasani na walichokuja nacho. Maswali ya kweli au si kweli nayo yanadanganya, kwa sababu anayebahatisha tu hupata karibu nusu. Swali lenye manufaa humweka mtu kazini: "Mashine imekwama, mwenzako ameshazima kitufe na anakuambia utoe mashudu. Utafanya nini kwanza, na nini kitafuata?" Halafu usiishie kwenye wastani, soma swali moja moja. Mtu anaweza kupata maksi nyingi huku amekosa swali lile lile litakalomwokoa.

Sasa twende kwenye mashine. Kabla ya mafunzo kuanza, afisa usalama alitengeneza karatasi fupi yenye hatua zile tatu, kila moja ikiwa kitu kinachoonekana kwa macho. "Anafanya kazi kwa tahadhari" hakiandikiki, kwa sababu wawili wakitazama wataandika tofauti. "Kufuli limefungwa kwenye swichi kuu na ufunguo anao anayeingiza mkono" kinaandikika. Ili kuhakikisha karatasi inaeleweka, yeye na msimamizi mmoja walitazama matukio machache kwa pamoja, kila mtu akijaza yake, kisha wakalinganisha. Walipotofautiana walirekebisha maneno ya karatasi.

Kisha alitazama mashine ikifunguliwa mara 20, 12 mchana na 8 usiku. Umeme ulizimwa kwenye swichi kuu mara 14, kufuli lilifungwa mara 3, na kujaribu kuwasha kulifanyika mara 1 tu. Mwezi mmoja baada ya mafunzo alirudia idadi ileile kwa zamu zilezile. Swichi kuu ilizimwa mara 19. Kufuli lilifungwa mara 11. Kujaribu kuwasha, mara 3.

Mkurugenzi akipewa jumla peke yake, atasema watu wamefundishwa na wamekaidi. Lakini tukizitenganisha zamu, picha inabadilika. Kufuli zote 11 zilifungwa mchana; usiku hakuna hata moja kati ya mara 8. Alipouliza, aliambiwa kufuli zinatunzwa stoo, na mtunza stoo huondoka jioni na funguo. Hapo mafunzo yalifika, kilichokosekana ni kufuli. Kuwarudisha darasani watu wa zamu ya usiku kungekuwa kuwaonea. Kinachotakiwa ni kila mwendeshaji kupewa kufuli lake, au kisanduku cha kufuli kutundikwa kando ya mashine.

Hatua ya tatu ina sababu nyingine, maana ilirukwa mchana na usiku pia. Darasani ilitajwa kwa maneno, ikaulizwa kwa maneno, na wengi wakajibu sawasawa. Hakuna aliyeifanya kwa mikono yake mbele ya mwalimu. Hapa mafunzo yenyewe ndiyo yenye upungufu: kila mtu apelekwe kwenye mashine, afanye hatua zote tatu mwanzo hadi mwisho, na asipewe cheti mpaka amezikamilisha bila kukumbushwa.

Watu wakijua wanatazamwa hujirekebisha, hilo halikwepeki. Linapungua ukitazama siku na saa tofauti bila kutangaza, ukaacha kuhesabu siku chache za mwanzo mpaka wakuzoee, na usipoandika majina. Siku karatasi hiyo itakapotumika kumkata mtu mshahara, takwimu zako zimekwisha, kwa sababu kuanzia hapo utaona maigizo. Lakini ukiona mkono unaelekea kwenye mashine yenye umeme, simamisha kazi papo hapo, kisha uandike ulichokiona kama kilivyokuwa. Vilevile, katika mara 20, tofauti ya mara moja au mbili inaweza kuwa bahati tu. Kutoka 3 hadi 11 kuna uzito. Kutoka 1 hadi 3 siwezi kukuita mafanikio.

Mwezi mmoja pia ni mapema mno kufunga hesabu. Mwaka 1978 Judi Komaki na wenzake walichapisha utafiti wa kiwanda cha vyakula huko Marekani. Wafanyakazi walioneshwa njia salama za kazi, kisha asilimia ya vitendo salama ikabandikwa ukutani kila walipotazamwa. Katika idara moja ilipanda kutoka 70 hadi 96, na nyingine kutoka 78 hadi 99. Ubandikaji uliposimamishwa, vitendo salama vilishuka tena hadi karibu na vilipoanzia. Ndiyo maana nasisitiza raundi nyingine baada ya miezi mitatu, na matokeo ya kila raundi yabandikwe mahali waendeshaji wanapopita.

Vipi kuhusu ajali zenyewe? Kwa watu 24, kukatika kidole kunaweza kusitokee kwa miaka, hata watu wakifanya kazi kwa hatari kila siku. Miezi sita bila ajali haithibitishi kitu. Daftari la matukio yaliyoponea chupuchupu linasaidia zaidi, ila lisomwe kwa uangalifu: baada ya mafunzo mazuri, taarifa hizo mara nyingi huongezeka, kwa kuwa watu wameanza kuitambua hatari waliyokuwa wakiipita na kuisema. Anayeona ongezeko hilo aangalie kwanza karatasi ya hatua tatu. Kama vitendo salama vinapanda huku taarifa zinaongezeka, aendelee kuzipokea na asimwadhibu anayezileta.