Mapigo ya moyo ya mapumziko: yahesabu kabla hujainuka kitandani

Mapigo ya moyo ya mapumziko ni idadi ya mara moyo unavyodunda kwa dakika moja mwili ukiwa umetulia kabisa. Kwa mtu mzima huwa kati ya 60 na 100. Wakimbiaji wa masafa marefu hushuka hata kwenye 40 na kitu, bila ugonjwa wowote.

Wengi hukosea wakati wa kupima. Ukishapanda ngazi, ukanywa kahawa na kugombana na kondakta, hicho unachohesabu si cha mapumziko tena. Pima asubuhi, umeamka bila kushtuliwa na kengele, ungali umelala chali. Weka kidole cha shahada na cha kati kwenye kifundo cha mkono, upande wa gumba. Usitumie gumba, maana lina mdundo wake unaoweza kukuchanganya. Hesabu dakika nzima. Ukihesabu sekunde 15 kisha ukazidisha kwa 4, kosa la pigo moja linakuwa kosa la mapigo manne, na manne ni mengi kwa kazi hii.

Nilipoanza kukimbia, daftari langu la wiki ya kwanza lilisoma 74, 71, 73, 78, 72, 73, 70. Ile 78 ni asubuhi baada ya kukesha msibani. Wastani ulikuwa 73. Baada ya miezi minne ya kukimbia mara nne kwa wiki, wastani ukawa 65.

Kilichobadilika ni hiki. Mwili uliotulia unahitaji takriban lita 5 za damu kwa dakika. Kwa mapigo 73, kila pigo lilipaswa kusukuma kama mililita 68. Kwa 65, karibu 77. Mazoezi ya kukimbia huongeza maji ya damu na kuufanya moyo ujae vizuri zaidi, basi kazi ileile inafanyika kwa mapigo machache. Anayenyanyua vyuma tu huenda asione tofauti kubwa, na namba yako usiilinganishe na ya jirani: umri na maumbile vina sehemu yao.

Linganisha wastani wa wiki kwa wiki, si asubuhi moja. Ukipanda kwa mapigo 5 hadi 10 kwa siku kadhaa, jiulize kuhusu usingizi, maji, pombe, joto, homa inayonyemelea au mazoezi yaliyopita kiasi. Mimi hapo huacha mbio za kasi mpaka namba irudi.

Kushuka nako si habari njema kila mara. Baadhi ya dawa za presha, kama atenololi, hupunguza mapigo zenyewe. Na ukiwa chini ya 50 bila kuwa mtu wa mazoezi, au juu ya 100 umetulia, au ukipata kizunguzungu, kuzimia au maumivu ya kifua, daftari liweke kando uende hospitali.