Maji yametoka, lakini mapafu je?

“Mtoto wa dada alizama ziwani hapa Goma. Tulimning'iniza kichwa chini, maji yakatoka, akalia. Sasa anacheza. Hospitali ya nini tena?”

Mama, maji yale yalitoka tumboni. Yanayoingia kwenye mapafu huwa kidogo, na kumning'iniza hakuyatoi. Kunampotezea dakika za pumzi, na matapishi yanaweza kumwingia kooni. Mtoto aliyezama anakufa kwa kukosa hewa, kwa hiyo hewa ndiyo ya kwanza.

Asipopumua, mlaze chali, inua kidevu, bana pua, mpulizie mara 5 polepole, kifua kikiinuka kila mara. Kisipoinuka, rekebisha kichwa. Akiwa bado hajitikisi wala hapumui, kandamiza katikati ya kifua mara 30, mpulizie mara 2, uendelee hivyo huku mwingine akitafuta gari. Akianza kupumua, mlaze ubavu.

Huyu wenu alilia, nashukuru sana. Lakini hata maji kidogo huosha ule utando unaozuia vifuko vya mapafu visijikunje. Vikianza kufunga, oksijeni hushuka taratibu, na mtoto anaweza kucheza saa ya kwanza kisha akabadilika. Ndiyo maana daktari humpima oksijeni kidoleni, husikiliza kifua, na humwangalia kwa saa 6 hadi 8 hivi.

Mpelekeni leo. Akikohoa mfululizo, akipumua mbiombio, mbavu zikiingia ndani au akisinzia ovyo, msingoje hata chai iive.