Nauli Hujulikana Mwisho: Kadi Hulipaje?

"Kama nauli kamili hujulikana safari ikiisha, kadi yangu hulipaje? Na mbona benki hunitumia ujumbe wa kukatwa hela hata kabla gari halijaondoka?"

Hela hazijakatwa, zimezuiwa. Malipo ya kadi yana hatua mbili, na kwa kawaida hatuzioni kwa kuwa dukani zinafuatana papo hapo. Kwanza mfanyabiashara anaiuliza benki yako kama kiasi fulani kipo, na benki ikikubali inakitenga. Baadaye ndipo anapotuma dai la mwisho, na hapo tu pesa zinatoka kwenye akaunti. Kampuni za usafiri wa mtandaoni kama Uber hutenganisha hatua hizi: zuio linawekwa unapoita gari, kwa makadirio ya nauli, na dai linatumwa ukishashuka.

Mwenye duka la kanga akikuwekea doti moja kando, doti hiyo bado iko dukani na bado ni mali yake, ila mteja mwingine hauziwi. Ndivyo zilivyo pesa zilizozuiwa: ni zako, zimo kwenye akaunti yako, lakini huwezi kuzitumia kwa jambo jingine. Ndiyo maana benki nyingi huonyesha salio mbili, la akaunti na lile linaloweza kutumika. Zuio hupunguza la pili tu. Tatizo ni kwamba ujumbe wa benki mara nyingi huandikwa kwa maneno yaleyale, liwe zuio au malipo kamili, na abiria anaposoma anaamini ameshalipa.

Tuseme uko Nairobi, akaunti ina shilingi 1,000, na programu imekadiria nauli ya 620. Benki inazuia 620, na unaloweza kutumia linabaki 380. Njiani foleni inakuwa ndefu, unaomba kupitia mahali pengine kwanza, na nauli inafika 710. Njia safi ni kampuni kuiomba benki iongeze zuio kwa shilingi 90, kisha idai 710 yote kwa mkupuo mmoja. Lakini si kila benki wala kila aina ya kadi inakubali kuongezewa zuio. Pale isipowezekana, kampuni inaweza kufuta zuio la 620 na kutuma ombi jipya la 710.

Hapo ndipo abiria wengi wanapoapa kwamba wametozwa mara mbili. Kampuni imeshafuta zuio kwa upande wake, lakini benki huenda isiliondoe mara moja. Kutegemea benki, inaweza kuchukua siku kadhaa. Wakati huo 620 ya zamani na 710 mpya zinahesabiwa pamoja, jumla 1,330, na akaunti ina 1,000 tu. Ombi jipya linakataliwa, na programu inaandika kwamba unadaiwa, ilhali pesa za kulipia safari unazo. Kwa kadi ya mkopo, zuio linakula kikomo cha mkopo tu. Kwa kadi ya akaunti ya kawaida linagusa pesa ulizopanga kununulia chakula, kwa hiyo ni busara kuacha nafasi juu ya makadirio.

Kwa M-Pesa mambo ni tofauti, kwa sababu malipo ya kawaida hayana hatua ya kutenga. Ukiingiza namba ya siri, pesa zinahama saa ileile. Kwa hiyo hulipwa mwishoni, nauli ikishajulikana, na mara nyingi abiria humtumia dereva moja kwa moja kana kwamba ni fedha taslimu. Hatari inahamia kwa dereva, anayejua kama atalipwa gari likishasimama tu. Kampuni nayo haijapokea chochote, hivyo humwandikia dereva deni la kamisheni yake. Kanuni za Kenya za mwaka 2022 ziliweka ukomo wa kamisheni hiyo kuwa asilimia 18; kwa nauli ya 710, haizidi shilingi 127.80.

Ukiona kiasi viwili kwenye kadi yako, usisubiri kuona pesa zikirudishwa. Zuio likiondolewa haliandikwi kama pesa zilizoingia. Linatoweka tu, na salio linaloweza kutumika linapanda. Wengi hupekua taarifa ya akaunti wakitafuta marejesho ambayo hayatakuja, kwa sababu hakuna kilichotoka. Angalia kama malipo yanaonyeshwa kuwa bado yanasubiri au yamekamilika. Yakiwa mawili na yote yamekamilika, hapo umetozwa mara mbili kweli, na risiti ya safari yenye 710 ndiyo ya kuwapelekea benki na kampuni.