Skrini inaposema FIX: dhana potofu za besi na rova wakati wa kuweka bikoni Dodoma

Katika upimaji wa RTK, besi ni kipokezi cha setilaiti kinachosimama mahali pamoja na kutuma masahihisho kwa redio, na rova ni kipokezi cha kwenye fimbo kinachoyapokea ili kuonyesha pa kuweka bikoni, yaani alama za pembe za kiwanja. FIX ni neno ambalo skrini ya rova huonyesha inapodai kuwa imepata jibu la usahihi wa sentimita.

Dhana: Rova ikisoma FIX na kosa la sentimita 1, bikoni iko mahali pake.

FIX inathibitisha jambo moja tu: umbali na mwelekeo kutoka kwenye besi hadi kwenye rova. Rova haina namna ya kujua kama besi yenyewe iko pale ilipoambiwa kuwa iko. Ukiidanganya besi mita moja na nusu, rova inarithi uongo huo wote, tena kwa usahihi wa sentimita.

Uongo huingia kirahisi. Tripodi imesimama, besi imewaka, kontrola inauliza kodineti za besi, na mtu anabonyeza kitufe cha kuchukua mahali ilipo. Besi isiyopokea masahihisho kutoka popote hukosea mita 1 hadi 3 hivi, na kuiacha ijipimie dakika tano hakubadilishi sana. Kuanzia hapo kila kitu kinaonekana kizuri: redio inatuma, rova inapata FIX ndani ya sekunde chache, namba zimetulia. Tatizo halionekani popote kwenye skrini.

Dhana: Tepu ikikubaliana na vipimo vya ramani, kazi imepita.

Tepu inapima pande za kiwanja, na pande hazijaharibika. Pembe zote nne zimehama kwa pamoja, upande uleule, kwa kiasi kilekile. Kiwanja cha mita 20 kwa 30 kitabaki na umbo lake, ila kitakuwa kimeingia kwa jirani. Kinachofichua kosa hili ni bikoni za zamani za ramani hiyohiyo ya upimaji, na zisipungue tatu.

Chukua mfano huu. Besi imewashwa kwa kodineti za kujipimia. Kabla ya kuweka bikoni hata moja, rova inapelekwa kwenye bikoni tatu zilizopo, A, B na C, na kutoka kwenye kila usomaji zinatolewa kodineti za kwenye ramani, dE ikiwa tofauti ya mashariki na dN ya kaskazini, kwa mita:

```
A   dE = +1.342   dN = -0.876
B   dE = +1.350   dN = -0.870
C   dE = +1.338   dN = -0.571
```

A na B zinasema kitu kimoja: rova inasoma mita 1.35 mashariki kupita kiasi na 0.87 kusini kupita kiasi. C inakubali upande wa mashariki, lakini kwenye kaskazini inatofautiana na wenzake kwa sentimita 30. Hapo si kosa la besi, maana kosa la besi lingezigusa zote tatu sawasawa. C imesogezwa. Mara nyingi ni greda la barabara, au fundi aliyeing'oa akichimba msingi kisha akairudisha kwa kukisia. Aliyekagua kwa C peke yake angelibeba kosa la greda na kulipeleka kwenye viwanja vyote.

Kwa hiyo C inaachwa na wastani wa A na B unatumika. Kwenye kodineti za besi unapunguza 1.346 upande wa E, unaongeza 0.873 upande wa N, unaiwasha upya kwa namba hizo, kisha unarudi A na B. Zikisoma ndani ya sentimita 2, endelea. Bila sahihisho hilo, kila bikoni mpya ingesimama kama mita 1.6 kaskazini-magharibi ya mahali pake, na mita 1.6 kwenye mtaa wa viwanja vidogo ni ukuta mzima wa mtu.

Njia fupi zaidi ni kusimamisha besi juu ya alama yenye kodineti zinazojulikana na kuandika namba hizo kwa mkono. Hata hivyo bikoni mbili nyingine lazima zikaguliwe, kwa sababu tarakimu moja iliyoandikwa vibaya inazaa kosa lilelile.

Dhana: Betri ya besi ikiisha, unabadilisha na kuendelea.

Unaendelea iwapo tu besi imewaka tena na kodineti zilezile. Baadhi ya vifaa, vikizimika, hujipimia upya, na safari hii vinapata mahali tofauti kwa nusu mita au zaidi. Viwanja vya asubuhi vinakaa upande mmoja, vya mchana upande mwingine, na vyote vimepimwa kwa FIX. Dawa ni moja: rudi kwenye A baada ya kila kuwasha. Fanya hivyo pia upepo wa kiangazi ukivuma kwa nguvu, na pale miguu ya tripodi ilipokanyaga mchanga, kwani besi ikiinama kidogo hakuna kengele itakayolia. Mfuko wa mchanga kwenye kila mguu unatosha.

Dhana: Kodineti ni kodineti, ziandike tu.

Ramani nyingi za zamani zimechorwa kwa mfumo wa kodineti wa Arc 1960, ilhali setilaiti zinatumia mfumo mwingine. Ukichanganya, unakosea karibu mita 300 kwenye kaskazini-kusini na kama mita 90 kwenye mashariki-magharibi. Kosa kubwa namna hii huonekana mara moja, kwa hiyo si la kutisha. Kosa la kuogopa Dodoma ni la kanda. Mji uko kwenye kanda ya 36S ya gridi ya UTM, lakini mpaka na 37S ni longitudo 36, mashariki kidogo tu ya mji. Kongwa na Mpwapwa ziko 37S. Pale mpakani nukta ileile inaandikwa E ya karibu 832,000 kwenye kanda moja na karibu 168,000 kwenye nyingine. Soma kanda iliyoandikwa kwenye ramani, usikisie kwa jina la wilaya.

Dhana: Ramani inasema mita 100, tepu inasoma 99.94, basi rova ni mbovu.

Hapa rova haina hatia. Dodoma iko mbali na mstari wa kati wa kanda yake, longitudo 33, na huko pembeni gridi ya UTM hurefusha umbali. Mwinuko wa mji, kama mita 1,100, unapunguza sehemu ya urefu huo, lakini bado gridi inazidi ardhi kwa takriban sentimita 56 kwa kila kilomita. Kwenye mita 30 ni sentimita 1.7, hakuna atakayeuliza. Kwenye mita 100 ni 5.6, na mwenye shamba mwenye tepu nzuri atauliza. Mjibu kwa hesabu, usisogeze bikoni ili tepu ifurahi. Wala usiwashe kwenye kontrola mpangilio wa umbali wa ardhini katikati ya kazi: kodineti zako hazitalingana tena na za jirani.

Dhana: Fimbo ikikaribia kunyooka inatosha.

Fimbo ya mita 2 ikiinama digrii moja, ncha ya juu inahama sentimita 3.5, zaidi ya kosa la kawaida la RTK lenyewe. Kiputo nacho huharibika. Simamisha fimbo kwenye nukta moja, soma, izungushe nusu duara, soma tena. Namba zikitofautiana kwa zaidi ya sentimita 2, kiputo kinahitaji kurekebishwa.

Karibu na paa la bati au chini ya mbuyu, FIX yenyewe inaweza kuwa ya uongo, kwa kuwa mawimbi yanayodunda huifikisha rova kwenye jibu lisilo sahihi. Pima, katisha mapokezi uache FIX ipotee, iipate upya, kisha pima tena baada ya nusu saa. Majibu mawili yakipishana kwa sentimita 20 au 40, usichukue wastani. Moja ni uongo, na hujui lipi. Weka nukta mbili mahali penye anga wazi, kisha uifikie pembe hiyo kwa tepu au totali stesheni.