Fungu la mawimbi halitawanywi na kifaa

"Mwalimu, namba za wimbi si zinatawanyika kwa sababu vifaa vyetu vinalivuruga wimbi?" Mwanafunzi, Ujiji.

Hapana, hata pasipo kifaa ingekuwa hivyo. Chukua fungu la mawimbi Ziwa Tanganyika, urefu wake L mita 20, kilele hadi kilele mita 2. Ili maji yatulie nje yake, mawimbi yanayojumlishwa lazima yaafikiane katikati na kufutana pembeni. Yanayokaribiana urefu wa wimbi, yaani umbali wa kilele hadi kilele, huachana polepole, hivyo huhitaji nafasi ndefu. Ukitaka fungu la mita 4, yafutane upesi, huna budi kuchanganya yanayotofautiana zaidi.

Mtawanyo wa namba za wimbi, k = 2π/λ ambapo λ ni urefu wa wimbi, ni takriban 2π/L: 0.31 kwa mita katika fungu refu, 1.57 katika fupi. Kifaa kinaweza kuvuruga kweli, ila hilo ni jambo jingine kabisa.