"Fewer" au "less"? Mahindi ya Uyole yanavyotupotosha

Kijana wa kidato cha tatu hapa Uyole aliniletea insha yake ya Kiingereza kuhusu mavuno ya kwao. Sentensi ya kwanza ilisema: "We have fewer maize this year." Nilipoizungushia kalamu alishangaa, maana kanuni anaijua: kinachohesabika huenda na "fewer", kisichohesabika huenda na "less". Naye mahindi ameyahesabu tangu utotoni.

Dhana potofu: kinachohesabika kwa Kiswahili kinahesabika na kwa Kiingereza.

Ukweli ni kwamba lugha hizi mbili hazihesabu vitu sawasawa. Sisi tunasema mahindi machache, mizigo michache, vifaa vichache, taarifa chache, na hilo "-chache" linatusukuma kwenye "fewer". Lakini kwa Kiingereza "maize", "luggage", "equipment" na "information" ni majina yasiyo na wingi wa kawaida, kama maji au unga kwetu. Yote yanataka "less".

Nilimwambia aweke "two" mbele ya jina. "Two potatoes" inakubali, kwa hiyo viazi vikipungua ni "fewer potatoes". "Two maize" inagoma. Ndipo akaandika: "We have less maize this year."

Baadaye akataka kutaja magunia, na hapo jibu likageuka: "We have fewer sacks of maize." Kinachohesabiwa sasa ni gunia, si mahindi. Mwishoni tukakagua kitenzi, kwa sababu sentensi inaweza kuwa na neno sahihi na bado ikaharibikia hapo: "There is less maize", lakini "There are fewer sacks". Wengi huishia kwenye neno la kwanza na kusahau hicho kitenzi.

Dhana potofu: ukiona tarakimu, andika "fewer".

Hii huwakamata hata walimu. Umbali, muda, fedha na uzito huchukuliwa kama kiasi kimoja, hata vikiwa na namba. Kutoka Uyole hadi Mbeya mjini ni "less than 20 kilometres". Nauli ni "less than 5,000 shillings". Kitenzi nacho kinabaki cha umoja: "Less than 20 kilometres is left." Wanafunzi ni watu, mmoja mmoja: "Fewer than 20 students were present."

Dhana potofu: "less" mbele ya vinavyohesabika ni kosa tangu Kiingereza kianze.

Hapana, matumizi hayo yamo kwenye maandishi ya Kiingereza cha kale kabisa. Mwaka 1770 Robert Baker, mwandishi wa kitabu kuhusu matumizi ya Kiingereza, aliandika kwamba yeye anaona "fewer" inapendeza na inafaa zaidi, na maoni yake hayo ndiyo yaliyokuja kufundishwa kama sheria. Ndiyo maana utamsikia Mwingereza akisema "less people" bila wasiwasi. Kwenye mtihani, andika "fewer people".

Insha ya kijana wangu ilibaki na kosa moja: "fewer advice".