Mti wa Krismasi wa opsheni: hasara yako haiishii kwenye pesa uliyolipa

Wiki hii nimelisikia tena dai hili, na msemaji alikuwa ameshaingia sokoni: "Mwalimu, nimelipa dola 125 tu. Ikienda vibaya sana, nimepoteza 125, basi." Nikamwomba anisomee amenunua nini na ameuza nini. Alikuwa amenunua kol moja, yaani haki ya kununua hisa kwa bei iliyopangwa, inayoitwa bei ya utekelezaji, na kuuza kol mbili. Kwa muundo huo, alichokisema si kweli, na mtu anaweza kufilisika huku akikiamini.

Dhana: nimelipa ili kuingia, kwa hiyo nilicholipa ndicho kikomo cha hasara

Chanzo cha mkanganyiko huu ni jina. "Mti wa Krismasi wa kol" ni jina la miundo miwili tofauti. Yote miwili ina bei tatu za utekelezaji, na yote miwili ni ya mtu anayetarajia hisa ipande kidogo. Mmoja una kikomo cha hasara na mwingine hauna. Watu husoma maelezo ya ule wa kwanza, kisha hufungua ule wa pili.

Tuchukue hisa iliyo kwenye dola 100, mkataba ukibakiza siku 45. Kol ya 100 inauzwa 3.50, ya 105 ni 1.60, ya 110 ni 0.65 na ya 115 ni 0.25. Kila mkataba hubeba hisa 100.

Muundo wa kwanza, ambao wengi huuita pia ngazi, ni wa kol moja kwa kila bei: unanunua kol ya 100, unauza ya 105 na unauza ya 110. Unalipa 3.50, unapokea 1.60 na 0.65, na gharama halisi inabaki 1.25, yaani dola 125 kwa seti moja. Ndiyo seti aliyokuwa nayo yule bwana.

Sasa fuata umbo lake siku ya mwisho ya mkataba. Hisa ikiwa chini ya 100, kol zote tatu hazina thamani na umepoteza 125. Kutoka 100 mstari unapanda, unavuka sifuri kwenye 101.25, na kufika 105 una faida ya dola 375. Kati ya 105 na 110 mstari ni bapa: faida ni ileile 375, kwa sababu kol uliyonunua na ile ya kwanza uliyouza sasa zinakwenda sambamba. Hapa ndipo watu wengi huacha kuchora.

Endelea kuchora. Kol uliyonunua inaikinga ile ya 105 uliyouza. Ile ya 110 nani anaikinga? Hakuna. Kwa hiyo juu ya 110, kila dola moja hisa inayopanda inakutoa dola 100. Kwenye 113.75 faida yote imeisha. Kwenye 120 umepoteza 625. Kampuni ikipokea ofa ya kununuliwa na hisa ikaamka asubuhi kwenye 160, umepoteza dola 4,625, tena ulikuwa sahihi kwamba itapanda. Mstari huo hauna mahali unapokoma.

Muundo wa pili ni wa moja kwa tatu kwa mbili: unanunua kol moja ya 100, unaruka 105, unauza tatu za 110 na kununua mbili za 115. Hesabu ni 3.50 toa 1.95 jumlisha 0.50, gharama ni 2.05. Ulichonunua ni tatu na ulichouza ni tatu, kwa hiyo kuanzia 115 kwenda juu seti nzima ina thamani ya sifuri na umepoteza dola 205, hata hisa ikifika 160. Kwa huu, kauli ya "nilicholipa ndicho kikomo" ni kweli kabisa. Umbo lake si bapa juu, ni kilele chenye ncha: faida kubwa ni dola 795, lakini ni pale hisa inapofunga 110 kamili. Upande wa kushoto mteremko ni wa taratibu na sifuri iko 102.05, upande wa kulia ni mkali maradufu, na sifuri iko karibu 113.98.

Kuutambua uliomo mkononi hakuhitaji fomula. Hesabu kol ulizonunua, hesabu ulizouza. Ulizouza zikizidi, huna kikomo upande wa juu. Dalali wako anajua hilo tayari: kwenye ukurasa wa kuthibitisha oda utaona `Max Loss` imeandikwa `Unlimited`, au dhamana inayozuiwa ni kubwa mara nyingi kuliko zile 125. Ukiona dhamana imezidi sana gharama, simama usome upya.

Na hapa nina ushauri ninaoushikilia, wateja wangu wameuchoka: kwenye ngazi ongeza kol moja ya 115 kwa 0.25. Gharama inapanda kuwa dola 150 na faida ya juu inashuka kuwa 350. Ila kuanzia 115 hasara yako haizidi 150. Ni muundo wa kol nne unaojulikana kama kondori. Ukiutazama hivyo, unaona ngazi ni nini hasa: ni kondori iliyoondolewa mlinzi wake ili kuokoa dola 25. Sijawahi kuona sababu nzuri ya kuziokoa kwenye hisa ya kampuni moja.

Dhana: hisa ikifika 107, faida yangu ya 375 iko tayari

Hapana. Ile 375 ni ya siku ya mwisho. Tuseme hisa imefika 108 baada ya siku 15, na mtikisiko wa bei unaokadiriwa na soko haujabadilika. Kol ya 100 ina thamani ya karibu 8.53, ya 105 karibu 4.77, ya 110 karibu 2.22. Seti yako ina thamani ya 1.54. Umelipa 1.25. Faida ni kama dola 29, kabla ya kamisheni za kol tatu na pengo kati ya bei ya kununua na ya kuuza. Zile mbili ulizouza bado zimejaa thamani ya muda, yaani sehemu ya bei inayotokana na siku zilizobaki, na lazima muda huo upite ndipo ulipwe. Mtikisiko ukiongezeka, hali inakuwa mbaya zaidi.

Dhana: ni sawa na kununua kol, ila kwa bei nafuu

Mwenye kol peke yake anafurahi hisa ikiruka. Wewe unataka ifike kati ya 105 na 110 na kutulia hapo. Kama unachoamini ni "itapanda, sijui mpaka wapi", achana na mti huu.

Dhana: hakuna kinachoweza kunipata kabla ya siku ya mwisho

Kol za hisa za mtindo wa Kimarekani zinaweza kutekelezwa siku yoyote. Siku ya hatari ni ile ya mwisho kabla hisa haijaanza kuuzwa bila gawio. Kol uliyouza ikiwa ndani ya pesa, yaani hisa iko juu ya bei yake ya utekelezaji, na thamani yake ya muda ikawa ndogo kuliko gawio, aliyeinunua ana sababu ya kuitekeleza, na utaamka umeuza hisa usizokuwa nazo, huku gawio likidaiwa kwako. Funga kol hiyo siku moja kabla.